Uvimbe wa Kinenani Usiorudi Ndani na Mgonjwa Anatapika: Mwongozo kwa Mhudumu wa Zahanati

Kila wanapopangiwa vituo tabibu na wauguzi wapya, maswali ni yaleyale. "Nina mgonjwa ana uvimbe kinenani, unauma, nitajuaje kama ni ngiri au ni mtoki tu?" "Umekuwa mwekundu, nipasue?" "Nijaribu kuusukuma?" Nimeyajibu kwa simu mara nyingi, mengine usiku wa manane, kwa hiyo nayaandika hapa kwa mpangilio ambao ningekuambia kama ungekuwa umesimama pembeni ya kitanda.

Nalizungumzia jambo moja tu: mtu mzima mwenye uvimbe wa kinenani unaouma, usioingia ndani, na ambaye anatapika. Ukikutana na vitu hivyo vitatu kwa pamoja, huyo ni mgonjwa wa ngiri iliyonyonga utumbo mpaka daktari wa upasuaji akwambie vinginevyo. Huna haja ya kuwa na uhakika. Unachohitaji ni kutomchelewesha na kutomharibia.

Nadharia ni fupi. Kipande cha utumbo kimepenya kwenye tundu jembamba la ukuta wa tumbo na kikakwama. Kwanza njia ya chakula inaziba, ndiyo maana tumbo linakata na mtu anatapika. Kisha mishipa inayorudisha damu inabanwa, utumbo unavimba, na mwishowe damu mpya haiingii tena. Saa 6 hivi zikipita katika hali hiyo, hatari ya utumbo kufa inapanda haraka. Utumbo ukifa unatoboka, na hapo unashughulika na usaha na kinyesi ndani ya tumbo.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Chumba chenye pazia au mlango unaofungwa, na mwanga mzuri. Glovu. Kipimajoto, mashine ya presha, stethoskopu. Kanula kubwa, namba 16 au 18, na dripu za Ringa au chumvi, angalau lita 2. Mpira wa kupitisha puani hadi tumboni, namba 16 kwa mtu mzima, na mfuko wake. Mpira wa mkojo. Sindano za maumivu, seftriaksoni na metronidazo ya mshipani. Namba ya simu ya hospitali ya wilaya inayopokelewa kweli, siyo ile iliyobandikwa ukutani tangu zamani. Na jibu la swali hili: gari litatoka wapi, mafuta yatalipwa na nani? Liulize mapema, kwa sababu nimeona wagonjwa wakipoteza saa nyingi kwenye mazungumzo ya mafuta kuliko kwenye matibabu yenyewe.

Kama mpira wa tumbo hauna, usisubiri upatikane. Endelea na ulivyo navyo.

Hatua

1. Mfunue. Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Mama mtu mzima anakuja na maumivu ya tumbo na kutapika, anapimwa malaria na mkojo, anapewa dawa za vidonda vya tumbo, na hakuna aliyeshusha kanga hadi kinenani. Kila anayetapika na tumbo linamkata lazima kinena chake kionekane pande zote mbili, kuanzia kitovuni hadi katikati ya mapaja. Mweleze sababu, funga mlango, na kama wewe ni mwanaume na mgonjwa ni mwanamke, mwite muuguzi wa kike asimame nawe. Wengi hawatakutajia uvimbe huo kwa aibu, na wengine hawajui kama upo.

2. Uliza maswali matano, uandike majibu kwa saa. Uvimbe upo tangu lini, na zamani ulikuwa unaingia ukilala? Umeacha kuingia saa ngapi? Tumbo linakata kwa kuja na kuondoka? Umetapika nini, mara ya mwisho saa ngapi? Umejamba au kwenda haja lini mara ya mwisho?

Mgonjwa atakuambia "ni mshipa". Usiandike chochote kwa neno hilo pekee, maana watu huliita hivyo busha, ngiri na maumivu ya nyonga pia. Endelea kuuliza.

Mpangilio wa matukio una thamani kubwa. Mwenye jipu atakuambia uvimbe ulianza kidogo, ukakua kwa siku kadhaa, ukawa wa moto, homa ikapanda, na kama ametapika basi ni kwa sababu ya homa, mara moja au mbili. Mwenye mtoki atakuwa na kidonda mguuni, fangasi katikati ya vidole, au kidonda sehemu za siri. Mwenye ngiri iliyonyonga mara nyingi anakumbuka saa: alikuwa anabeba ndoo, anakohoa, anajikamua chooni, kisha uvimbe ukakaza na tumbo likaanza kukata. Matapishi yanabadilika: kwanza chakula, kisha majimaji ya kijani, na akichelewa sana yanakuwa ya kahawia na kunuka kinyesi. Ukifika hapo hakuna tena cha kujadili.

3. Mtazame amesimama kama anaweza, kisha amelala. Tazama ngozi juu ya uvimbe. Tazama tumbo, limejaa? Kuna makovu ya upasuaji? Kwa mwanaume hesabu korodani. Kama upande wenye uvimbe mfuko hauna kitu, huenda ni korodani isiyoshuka iliyojisokota, na hiyo nayo ni dharura ya leo hii, rufaa yake ni ileile. Uvimbe ukishuka hadi kwenye mfuko, jaribu kuuzungusha vidole kwa juu. Kwenye busha vidole vinakutana juu yake, kwenye ngiri havikutani kwa sababu uvimbe unaendelea kwenda juu.

4. Tafuta mifupa miwili. Weka kidole kwenye ncha ya mfupa wa nyonga, pale mbele mkanda unapokaa. Weka kingine kwenye kinundu cha mfupa wa kinena, sentimita 2 hadi 3 kutoka katikati ya mwili. Vuta mstari wa kufikirika kati yake. Uvimbe ulio juu ya mstari na kwa ndani ya kinundu ni ngiri ya kinena, ile ya kawaida kwa wanaume. Uvimbe ulio chini ya mstari, kwa nje ya kinundu, ni ngiri ya paja au ni tezi.

Hapa ndipo watu wanapoteleza, kwa hiyo nitakaa kidogo. Ngiri ya paja inatokea mahali palepale penye tezi za limfu. Ipo tezi moja inayokaa kabisa kwenye mlango wa tundu hilo. Ngiri hii huwa ndogo, sentimita 2 au 3, ngumu, mara nyingi haitikisiki mtu akikohoa, na kwa mama mnene unaweza usiione kwa macho kabisa. Huwapata zaidi wanawake, hasa wa umri mkubwa. Na kwa kuwa tundu lake ni jembamba na kingo zake hazilegei, hunyonga utumbo kwa urahisi kuliko ngiri ya kawaida. Maana yake, uvimbe mdogo chini ya mstari ni wa kuogopwa zaidi ya ngiri kubwa iliyoshuka hadi magotini ambayo mzee ameishi nayo miaka 20.

5. Gusa, taratibu. Anza mbali, kwenye tumbo, umalizie kwenye uvimbe. Mtoki kwa kawaida si mmoja. Utakuta wenzake kando, unaweza kuupitishia vidole pande zote, na unateleza chini ya ngozi. Jipu lina moto, ngozi imekaza na kuwa nyekundu au nyeusi kuliko pembeni, na katikati pamelainika. Ngiri ina shina: upande mmoja vidole havipiti, unahisi kitu kinaingia ndani. Mwambie akohoe huku umeweka kiganja. Ngiri iliyo huru inasukuma kiganja, iliyonyonga haisukumi kwa sababu imeziba mlangoni. Kwa hiyo kutosukuma kiganja siyo ushahidi kwamba si ngiri. Ni kosa ninalolisikia kila mara: "Nilimkohoza, hakuna kitu, nikaandika mtoki."

Kisha uliza vidole vyako: kinadunda? Uvimbe unaodunda pamoja na mapigo ya moyo na kutanuka kila upande ni mshipa mkubwa wa damu. Usiuguse tena, andika, peleka.

6. Sikiliza tumbo na pima mwili. Mapema, sauti za utumbo ni kali na za kasi, zinakuja pamoja na maumivu. Baadaye kunakuwa kimya. Pima mapigo, presha, joto, upumuaji. Mapigo zaidi ya 100 kwa mtu aliyelala, asiye na homa, ni dalili ya kupungukiwa maji au utumbo unaoanza kufa. Tumbo likiwa gumu kama ubao mgonjwa asiweze kuguswa, utumbo huenda umeshatoboka.

7. Amua kwa kutumia tumbo, siyo uvimbe. Huu ndio moyo wa mwongozo wote. Vidole vya mtu mzoefu pia hukosea kati ya tezi na ngiri ya paja. Lakini tezi haizibi utumbo. Jipu la kinenani halizibi utumbo. Kwa hiyo ukiona uvimbe unaouma, hauingii, halafu kuna kutapika kunakoendelea, au tumbo linalokata kwa mawimbi, au kujaa, au kukosa kujamba, uamuzi ni rufaa ya upasuaji sasa hivi, hata kama uvimbe unafanana kabisa na mtoki, na hata kama kuna kidonda cha mguuni cha kuueleza.

8. Piga simu kwanza, kisha tibu. Wengine hufanya kinyume, wanatundika dripu, wanaandika barua vizuri, halafu wanaanza kutafuta gari. Gari ndilo linalochelewa, lianze kutembea. Hospitali waambie umri, jinsia, upande, saa uvimbe ulipoacha kuingia, saa ya kutapika mara ya mwisho, mapigo na presha. Uliza kama daktari wa upasuaji na wa usingizi wapo leo. Kama hawapo, uliza hapohapo mgonjwa apelekwe wapi. Kumpeleka mahali ambapo naye atapewa rufaa nyingine ni kumwongezea saa asizokuwa nazo.

9. Wakati gari linakuja. Asile wala asinywe chochote, hata maji ya dawa. Weka kanula. Kama presha imeshuka au mapigo yako juu sana, mpe lita 1 ya Ringa ndani ya nusu saa, mpime tena, urudie ikibidi. Mzee mwenye ugonjwa wa moyo mpe kwa mafungu ya mililita 250, ukisikiliza mapafu kila baada ya fungu. Kama hali ni nzuri, lita 1 kwa saa 2 hadi 4.

Pitisha mpira wa tumbo kama umefundishwa: pima kutoka puani hadi kwenye ncha ya sikio, kisha hadi chini ya mfupa wa kifua, uweke alama. Ukishaingia vuta kwa bomba uone majimaji ya tumbo, halafu uache wazi umwagike kwenye mfuko uliowekwa chini ya kitanda. Usiuzibe. Faida yake kubwa ni njiani: mgonjwa anayetapika akiwa amelala ndani ya gari anaweza kuvuta matapishi mapafuni. Mpira wa mkojo unakuonyesha kama dripu zinatosha. Lengo ni nusu mililita kwa kila kilo ya mwili kwa saa, yaani mililita 30 kwa mtu wa kilo 60.

Mpe dawa ya maumivu ya sindano, kwa mfano tramado miligramu 50 polepole mshipani. Haitamficha daktari kitu. Diklofenaki iache, kwa mtu aliyepungukiwa maji inaumiza figo. Mpe seftriaksoni gramu 1 hadi 2 na metronidazo miligramu 500, zote mshipani, baada ya kuuliza mzio. Seftriaksoni usiichanganye na Ringa kwenye mrija mmoja, maana inaganda na kalisi. Simamisha dripu, safisha mrija kwa maji ya chumvi, mpe, safisha tena, endelea.

10. Barua fupi, ndugu mmoja. Barua iwe na saa zote ulizoandika, dawa na vipimo vya dripu, kiasi cha mkojo. Ndugu anayeongozana naye awe anayeweza kukubali upasuaji, na ikiwezekana kuchangia damu. Mweleze mgonjwa mwenyewe kwamba anakwenda kupasuliwa. Nimeona wanaofika hospitali wakidhani wanakwenda kupimwa tu, wakakataa kusaini hadi mjomba apatikane.

Mambo ambayo hupaswi kufanya

Usisukume. Ndugu watakuomba, mgonjwa mwenyewe atakuomba, kwa sababu siku zote "ulikuwa unarudi". Uvimbe unaouma ukigusa, wenye mtu anayetapika, ukiusukuma kwa nguvu unaweza kupasua utumbo, au ukaurudisha utumbo uliokufa tumboni, ambako utatoboka bila mtu kuona. Kuna jambo baya zaidi la kimyakimya: mfuko mzima wa ngiri unaweza kurudi ndani pamoja na shingo yake iliyobana. Uvimbe umepotea, kila mtu amefurahi, na utumbo bado umenyongwa. Hospitalini, kwa mgonjwa aliyekuja mapema asiye na dalili za utumbo kufa, daktari anaweza kumpa dawa ya kutuliza na kujaribu taratibu, huku chumba cha upasuaji kikiwa jirani. Wewe huna chumba hicho.

Usipasue, wala usichome sindano "kuona kama kuna usaha". Hili ni kubwa kwa sababu ngiri iliyokwisha kufa ndani hufanya ngozi ya juu kuwa nyekundu, ya moto na laini, sawasawa na jipu lililoiva. Anayeipasua anakutana na kinyesi. Na chini ya mstari ule upo mshipa mkuu wa damu wa mguu. Hata jipu halisi la kinenani ni la kupasuliwa na mtu aliyejiridhisha kwanza kwamba si utumbo, si mshipa wa damu, na si usaha uliotiririka kutoka kwenye uti wa mgongo wenye kifua kikuu. Huo wa mwisho utaushuku ukimwona mgonjwa amekunja paja, hawezi kulinyoosha, na mgongo una maumivu ya miezi.

Usimpe dawa ya kuharisha wala enema ili "afunguke". Usimpe sindano ya kutuliza tumbo halafu ukamwambia arudi kesho. Na wenyeji wakitaka kumkanda kwa mafuta ya moto, wakatalie kwa heshima lakini kwa uthabiti. Kumkanda ni kumsukuma kwa jina jingine.

Mfano mmoja mzima

Huu ni mfano wa kufundishia, lakini kila kipande chake utakikuta kazini.

Bibi wa miaka 64 analetwa zahanati asubuhi, saa 3. Jana jioni alirudi na mzigo wa kuni, usiku tumbo likaanza kukata kuzunguka kitovu, akatapika mara nne. Kipimo cha malaria hakina kitu. Joto ni 37.1, mapigo 112, presha 100 kwa 60.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Naomba nikutazame hadi kinenani, muuguzi atakuwepo."

"Huko kuna nini tena? Mimi tumbo ndilo linaloniua."

"Tumbo lenyewe ndilo linanituma huko, bibi. Samahani sana."

Upande wa kulia, chini ya mstari, kuna uvimbe wa sentimita 3, mgumu, unauma. Yeye mwenyewe anashangaa kuuona. Akikohoa hausukumi. Kwenye kisigino cha mguu huohuo kuna ufa mkubwa wenye usaha kidogo. Na alfajiri alipata choo laini kidogo.

Tazama mitego ilivyopangwa. Kisigino kinaeleza mtoki vizuri kabisa. Kukohoa kumeondoa ngiri kwa asiyejua. Na amepata choo, kwa hiyo mtu atasema utumbo haujaziba. Lakini katika ngiri ya paja mara nyingine kinachobanwa ni upande mmoja tu wa ukuta wa utumbo, njia inabaki wazi kidogo, choo kinapita, huku kile kipande kilichobanwa kikifa. Choo cha asubuhi pia kinaweza kuwa kile kilichokuwa tayari chini ya mahali palipoziba.

Tabibu anarudi kwenye hatua ya 7. Tumbo linakata kwa mawimbi, anatapika majimaji ya kijani, mapigo 112 bila homa. Ufa wa kisigino hauelezi hata kimoja kati ya hivyo. Anapiga simu saa 3 na nusu. Lita ya kwanza ya Ringa inaingia, mapigo yanashuka hadi 98, mpira wa tumbo unatoa karibu mililita 600 za kijani na bibi anasema tumbo limepumua. Gari linaondoka saa 4 na dakika 20. Hospitali wanapofungua wanakuta kipande cha ukuta wa utumbo kimekuwa cha rangi ya zambarau. Wanalegeza tundu, wanakifunika kwa vitambaa vyenye maji ya chumvi ya vuguvugu, wanasubiri dakika kadhaa. Rangi inarudi, kinaanza kujikunja. Hakikatwi. Tundu linazibwa. Angepelekwa na dawa za mtoki arudi baada ya siku tano, mazungumzo yangekuwa ya urefu gani wa utumbo uondolewe, kama bado yupo wa kuzungumziwa.

Ukikwama

*Uvimbe umepotea wenyewe baada ya dripu na dawa ya maumivu.* Mpeleke bado. Inaweza kuwa umerudi kweli, na inaweza kuwa umerudi na shingo yake. Anahitaji kutazamwa hospitalini, maumivu na kutapika kukiendelea basi haraka ileile.

*Sina uhakika kama ni jipu, ana homa 39 na uvimbe ni wa moto, katapika mara moja.* Tumbo ni laini, halikati, anajamba, anasikia njaa? Hapo jipu au mtoki una nguvu zaidi. Bado usipasue. Mwanzishie dawa, mchoree mpaka wa wekundu kwa kalamu, mpe rufaa ya siku hiyohiyo bila king'ora. Akianza kutapika tena au tumbo kujaa, anahamia kwenye kundi la dharura.

*Nipo eneo lenye historia ya tauni.* Lushoto na Ituri wanalijua hili. Tauni huleta mtoki unaouma kupita kiasi ndani ya siku chache, na homa ya ghafla, baridi, kichwa, udhaifu mkubwa, wakati mwingine na kutapika. Tumbo halijaziba. Uliza kuhusu panya waliokufa nyumbani na majirani wenye homa. Vaa glovu na barakoa, usipasue mtoki huo, mjulishe mganga mkuu wa wilaya palepale, na uulize kuhusu kuanza jentamaisini au streptomaisini bila kusubiri majibu ya maabara.

*Ni mtoto mchanga.* Analia, uvimbe umekaza, anatapika. Hatua ni zilezile za kumpeleka, ila dripu na dawa ni kwa kilo zake. Usitegemee tochi kutofautisha busha na ngiri kwa mtoto, maana utumbo wake mwembamba nao unapitisha mwanga. Njiani abebwe, atulizwe. Kulia kunaongeza msukumo.

*Gari halipo kabisa.* Tumia lolote linaloweza kumlaza: bajaji, noa, pikapu ya mwenye duka. Bodaboda ni ya mwisho, akae katikati na mtu nyuma wa kumshika, dripu ifungwe na kanula ibaki. Nawe kaa na simu mkononi, waambie hospitali ametoka saa ngapi ili wasimwandikie foleni akifika.

*Anakataa kwenda kupasuliwa.* Muulize anaogopa nini hasa, mara nyingi ni gharama au ni jirani aliyekufa mezani. Mwambie wazi, mbele ya ndugu mwenye sauti nyumbani, kwamba utumbo unakufa na hautapona kwa dawa. Hata akikataa, mwachie kanula na dripu, mlaze kituoni usimruhusu kurudi nyumbani, na umuulize tena kila nusu saa. Wengi hukubali tumbo likizidi, na wakati huo gari linapaswa kuwa bado lipo uani.